Maji Yameingia, Presha Imegoma: Dripu ya Noradrenalini Hatua kwa Hatua

Tuchukue mgonjwa mmoja tumfuate mwanzo hadi mwisho. Ni mama wa miaka 58, uzito kilo 60, ameletwa chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na homa kali na maumivu ya kiuno upande wa kulia. Mkojo wake una usaha. Presha ni 78/40, moyo unapiga mara 124 kwa dakika, na akili yake imeanza kuchanganyikiwa. Antibiotiki ameshapewa. Amepata lita moja ya Ringa, presha ikapanda hadi 92/44 na kila mtu akapumua. Nusu saa baadaye imerudi 84/38. Ameongezewa mililita 800, akatimiza mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, na sasa inasoma 88/38.

Swali lililopo mezani ni kama apewe lita nyingine au aanzishiwe noradrenalini, dawa ya kubana mishipa. Wengi huongeza lita nyingine, kwa sababu maji yanaonekana hayana madhara na noradrenalini inaonekana dawa ya kutisha. Kwa mgonjwa wa namna hii ni kinyume chake.

Kwanza tuache kuangalia namba ya juu peke yake. Figo, ubongo na utumbo husukumiwa damu na presha ya wastani, ile ambayo monita huiandika MAP. Kwa makadirio hupatikana kwa kujumlisha namba ya juu na namba ya chini mara mbili, kisha kugawa kwa tatu. Namba ya chini inahesabiwa mara mbili kwa sababu moyo hutumia muda mrefu zaidi ukiwa umelegea kuliko ukiwa unabana. Kwa 88/38, hesabu ni 88 jumlisha 76, yaani 164, gawa kwa 3: karibu 55. Lengo la kuanzia kwa mtu mzima mwenye mshtuko wa sepsisi, yaani presha iliyoanguka kwa sababu ya maambukizi makali, ni 65. Zinakosekana 10.

Namna ya kujua kwamba maji yamefika mwisho wa kazi yake

Dalili ya kwanza tumeshaiona: presha ilipanda na lita ya kwanza, halafu ikaanguka ndani ya nusu saa. Katika sepsisi kuta za mishipa midogo huvuja, na maji ya chumvi huhama kwenda kwenye nyama na mapafu. Wakati huohuo misuli ya mishipa imelegea, kwa hiyo hata kile kinachobaki ndani kinakaa kwenye chombo kilichopanuka. Ukiendelea kumimina, unajaza ndoo ambayo si tu kwamba inavuja, bali pia inazidi kuwa pana.

Dalili ya pili imo kwenye ile namba ya chini, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Namba ya juu hutegemea sana kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa kila pigo, lakini namba ya chini hutegemea zaidi ukakamavu wa mishipa. Mgonjwa aliyepoteza damu huwa na namba mbili zilizokaribiana, tuseme 80/60, kwa sababu moyo una kidogo cha kusukuma huku mishipa ikijibana kwa nguvu zote. Mama yetu ana 88/38. Pengo ni 50, kwa hiyo moyo unasukuma. Mishipa ndiyo iliyolegea. Ukigawa mapigo ya moyo, ambayo sasa ni 122, kwa namba ya chini, 38, unapata 3.2. Ikivuka 3 katika sepsisi, ni ishara kwamba mishipa imelegea kiasi ambacho maji peke yake hayataitosha. Mgonjwa wa aina hii hana sababu hata ya kusubiri mililita 30 kwa kilo ziishe. Dawa inaweza kuanza huku maji yakiendelea.

Tatu, pima kama moyo bado unaitikia maji kabla ya kuongeza mengine. Mlaze mgonjwa akiwa ameinuliwa kifua nyuzi 45, kisha ugeuze kitanda chote ili kiwiliwili kilale na miguu iinuke nyuzi 45. Damu ya miguuni, karibu mililita 300, itakimbilia moyoni bila wewe kumwaga hata tone kutoka kwenye chupa. Mabadiliko yaangaliwe ndani ya dakika moja, kwa sababu hayadumu. Kama una ultrasaundi, pima damu inayotoka moyoni. Ikiongezeka kwa asilimia 10 au zaidi, maji zaidi yanaweza kusaidia. Kama huna, tazama pengo kati ya namba mbili za presha, ingawa kipimo hicho ni dhaifu zaidi. Kosa la kawaida ni kuinua miguu kwa mikono huku mgonjwa akilalamika maumivu: presha itapanda kwa sababu ya maumivu, nawe utadhani moyo umeitikia. Kwa mama huyu pengo lilikuwa 50, likawa 51. Hakuna kitu.

Nne, mwili unaanza kukataa maji. Pumzi zake zimetoka 24 hadi 30 kwa dakika, oksijeni imepandishwa kutoka lita 2 hadi 5, na sehemu za chini za mapafu zina mlio wa kukwaruza ambao haukuwepo alipofika. Upande wa pili, tishu bado zina njaa ya damu. Bonyeza ncha ya kidole kwa sekunde 10 mpaka iwe nyeupe, achia, hesabu. Rangi ilipaswa kurudi ndani ya sekunde 3. Yake imechukua 5. Lakteti, ambayo hupanda kwenye damu tishu zinapokosa oksijeni, imetoka 4.6 hadi 4.4, ambayo ni sawa na kutosogea. Mkojo ni mililita 20 kwa saa ilhali tunatarajia angalau 30, yaani nusu mililita kwa kilo.

Hakuna dalili moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Zikikaa pamoja hivi, lita ya tatu itaishia mapafuni.

Kwa nini noradrenalini

Dawa hii hubana misuli ya mishipa kupitia vipokezi vya alfa, na kwa kiasi kidogo huusukuma moyo kupitia vipokezi vya beta. Watu hukumbuka mishipa ya ateri tu, wakasahau vena. Sehemu kubwa ya damu yote mwilini hukaa kwenye vena, na katika sepsisi nyingi ya damu hiyo imetuama tu. Noradrenalini ikizibana, damu iliyotuama inarudi moyoni, kana kwamba umeongeza maji bila kuongeza chochote. Ndiyo maana ikianza mapema huokoa maji.

Lakini hiyohiyo ndiyo hatari yake. Kwa mtu ambaye bado ana upungufu mkubwa wa maji au anavuja damu, dawa itapandisha namba kwenye monita huku vidole vikizidi kuwa baridi na utumbo ukikosa damu. Namba nzuri, mgonjwa mbaya. Kwa hiyo maswali ya hapo juu hayaishi dripu inapoanza. Kila baada ya muda yanaulizwa upya.

Kuchanganya na kukokotoa

Kabla ya kuvunja ampuli, soma lebo yake mara mbili. Baadhi ya watengenezaji huandika uzito wa noradrenalini yenyewe, wengine huandika uzito wa chumvi yake ya tartreti. Miligramu 2 za tartreti ni sawa na miligramu 1 ya noradrenalini halisi. Anayekosea hapo humpa mgonjwa nusu au mara mbili ya alichokusudia, na hakuna pampu itakayopiga king'ora. Hesabu zote zinazofuata ni za noradrenalini halisi.

Mchanganyiko uliozoeleka kwa njia ya katheta ya shingoni ni miligramu 4, yaani mililita 4, kwenye mililita 46 za dekstrosi ya asilimia 5. Jumla ni mililita 50, na kila mililita ina mikrogramu 80. Dekstrosi hupendelewa kwa sababu huikinga dawa isiharibike kwa oksijeni, ingawa vitengo vingi hutumia maji ya chumvi ya asilimia 0.9 bila shida. Dawa ikigeuka rangi kuwa ya waridi au kahawia, itupe. Bandika lebo yenye jina la dawa, kiasi kwa mililita na saa iliyochanganywa.

Kasi ya pampu hupatikana hivi:

```
mL/saa = dozi (mcg/kg/dakika) x uzito (kg) x 60 / mcg kwa mL
0.05 x 60 x 60 / 80 = 2.25 mL/saa
```

Kwa mama huyu basi, kila 0.05 ni mililita 2.25 kwa saa. Andika kijedwali kwenye karatasi ya kitandani: 0.05 ni 2.25, 0.10 ni 4.5, 0.15 ni 6.75, 0.25 ni 11.25. Saa nane usiku hakuna anayetaka kukokotoa upya huku presha ikiporomoka.

Sasa jambo dogo linaloumiza wengi. Mrija kutoka kwenye sirinji hadi mwilini, pamoja na njia ya ndani ya katheta, unaweza kubeba mililita moja hadi mbili. Ukiuunganisha ukiwa na maji matupu na kuendesha pampu kwa 2.25 kwa saa, tone la kwanza la dawa linaweza kumfikia mgonjwa baada ya nusu saa au zaidi. Mhudumu anaona presha haipandi, anaongeza kasi, anaongeza tena, halafu dawa yote inafika kwa pamoja na presha inaruka hadi 200. Kwa hiyo jaza mrija na dawa kabla ya kuunganisha, na uache pampu izunguke kidogo ili bomba la sirinji likazane na msukumo wake. Unganisha karibu kabisa na mgonjwa, kwenye njia ambayo haitumiki kwa dawa za mkupuo. Usiipandishe wala kuishusha pampu ikiwa imeunganishwa. Ukiiinua, dawa kidogo huteremka ghafla, na ukiishusha, inasita.

Kama katheta ya shingoni haijawekwa, usimwache mgonjwa na presha ya wastani ya 55 kwa saa mbili ukisubiri mtaalamu. Inaruhusiwa kuanzia kwenye vena kubwa ya mkono, kwenye kiwiko au juu yake, kwa muda mfupi. Isiwe kiganjani wala kifundoni. Hapo mchanganyiko mwepesi hufaa zaidi, kwa mfano miligramu 4 ndani ya mililita 250, ambao una mikrogramu 16 kwa mililita. Kanuni ni ileile, kasi inakuwa mililita 11.25 kwa saa kwa 0.05. Kishikio cha kupimia presha kifungwe mkono mwingine, la sivyo kila kikijaa hewa dawa inasimama, na kikilegea inaingia kwa mkupuo. Tazama ngozi mara kwa mara. Ikipauka, ikawa baridi au ikavimba, dawa imetoka nje ya mshipa: simamisha dripu hapo, hamishia njia nyingine, lakini usiing'oe kanula kabla ya kuvuta kwa sirinji dawa iliyobaki. Dawa ya kupinga ni fentolamini, miligramu 5 hadi 10 katika mililita 10 za maji ya chumvi, ikichomwa chini ya ngozi kuzunguka eneo lililopauka, mapema iwezekanavyo na ndani ya saa 12.

Kupandisha mpaka kwenye lengo

Mama yetu ana katheta ya shingoni iliyowekwa wakati maji ya mwisho yakiingia, na kanula kwenye ateri ya kifundo cha mkono. Dripu inaanza kwa 0.05. Nusu ya noradrenalini huondoka kwenye damu ndani ya dakika mbili au tatu, hivyo dakika tano zinatosha kuona dozi mpya imefanya nini. Kupandisha kila dakika moja ni kukimbiza kivuli. Baada ya dakika tano presha ya wastani ni 58. Dozi inakwenda 0.10. Dakika tano nyingine, 62. Inakwenda 0.15, pampu ikiwa 6.75, na monita inasoma 66.

Hapo mkono unatoka kwenye pampu, macho yanarudi kwa mgonjwa. Rangi ya kidole inarudi kwa sekunde 4. Saa ya kwanza mkojo ni mililita 25, ya pili 35. Lakteti baada ya saa mbili ni 3.1. Mambo yanaelekea.

Kwa nini 65, si 80? Jaribio la SEPSISPAM la Ufaransa, lililochapishwa mwaka 2014 likiwa na wagonjwa 776, lililinganisha lengo la 65 hadi 70 na lengo la 80 hadi 85. Vifo havikutofautiana. Waliopandishwa juu walipata zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Lakini miongoni mwa waliokuwa na ugonjwa wa presha ya kupanda tangu zamani, lengo la juu liliwapunguzia uhitaji wa kusafishwa damu kwa mashine. Figo iliyozoea presha kubwa kwa miaka 20 huenda ikaona 65 ni ukame. Kwa mgonjwa kama huyo ambaye amefika 65 na bado hakojoi, ni busara kujaribu 80 kwa saa moja. Mkojo ukija na kidole kikapata rangi, baki hapo. Visipobadilika, rudi 65, maana unalipa gharama ya dawa bila kupata kitu.

Na 65 iwe 65 ya kweli. Transdyusa, yaani kihisi kinachosoma presha ya kanula ya ateri, lazima iwe usawa wa moyo, pale nafasi ya nne ya mbavu inapokutana na mstari wa katikati ya kwapa. Kila sentimita 10 ya kosa ni mmHg 7 na nusu hivi. Ikining'inia sentimita 15 chini ya moyo, monita inakuongezea 11: unasoma 66, mgonjwa ana 55, yaani uko palepale ulipoanzia. Kila kitanda kinapoinuliwa au kushushwa, transdyusa ifuate.

Dozi inapoanza kupanda tena

Saa ya tatu presha ya mama inateleza hadi 57. Dozi inapandishwa 0.22, pampu 9.9, ndipo inarudi 65. Hili si jambo la kuandika kwenye chati na kuondoka. Noradrenalini ni kama kipimajoto: ikidai zaidi, kuna kitu kimebadilika, nacho kitafutwe kuanzia kilicho karibu. Je, mrija umekunjika, koki ya njia tatu imefungwa, sirinji imekwisha? Transdyusa iko wapi? Halafu mgonjwa mwenyewe: anavuja damu mahali? Kifua upande mmoja hakina sauti baada ya katheta ya shingoni kuwekwa? Moyo kwenye ultrasaundi unabana vizuri, au umechoka, au umezungukwa na maji? Damu ina tindikali nyingi, kalsiamu imeshuka? Mwisho, chanzo cha maambukizi kimedhibitiwa?

Kwake, kila kitu kilikuwa sawa mpaka ultrasaundi ilipowekwa kiunoni. Figo ya kulia imevimba, mkojo umezibwa na jiwe, na usaha umefungiwa ndani. Mkojo uliokuwa ukihesabiwa ulikuwa wa figo ya kushoto peke yake. Hakuna dozi ya noradrenalini inayotibu usaha uliofungiwa. Ilibidi uzibuliwe na kutolewa kwa mrija usiku uleule.

Dozi ikikaribia 0.25 na bado haitoshi, hatua inayofuata si kuipandisha tu bila kikomo. Huongezwa vasopresini kwa uniti 0.03 kwa dakika, dozi isiyopandishwa na kushushwa. Haidrokotisoni miligramu 200 kwa siku, mathalani 50 kila baada ya saa 6, hufikiriwa kama dozi imekuwa 0.25 au zaidi kwa angalau saa 4. Bado presha ikigoma, adrenalini huwa ya tatu. Vidole na vidole vya miguu vitazamwe kila saa. Vikianza kuwa vya zambarau, dawa inazidi kile ambacho damu inaweza kukifikisha.

Kubadilisha sirinji, kupunguza, kutoa

Kwa 6.75 kwa saa, sirinji ya mililita 50 huisha kwa zaidi kidogo ya saa 7. Mpya iandaliwe ikibaki saa nzima, si dakika tano. Kwa mgonjwa anayetegemea dozi kubwa, pampu ya pili huanzishwa kandokando, na presha inapoanza kupanda kwa sababu dawa mpya imefika, ile ya zamani hushushwa taratibu na kuzimwa. Ukichomoa na kuchomeka tu, sekunde chache za ukimya zinatosha kumwangusha.

Saa 12 baada ya figo kuzibuliwa, presha ya mama ni 76 kwa dozi ya 0.15. Namba hiyo ni juu ya lengo, na dawa isiyohitajika ni madhara matupu. Inashushwa hadi 0.12, pampu 5.4, na presha inatulia 70. Baada ya hapo hupunguzwa 0.02 hivi kila dakika 15 hadi 30, mradi ibaki juu ya 65 na kidole kibaki na rangi. Vasopresini ikiwa nayo inatumika, amua mapema ipi itangulie kutoka, usizivute zote mbili kwa mpigo. Kasi ikiwa chini ya mililita 1 kwa saa, pampu nyingi husukuma kwa kusitasita, na presha inayocheza hapo huenda ni ya pampu, si ya mgonjwa. Mchanganyiko mwepesi huiondoa shida hiyo.

Dripu ikishazimwa, njia ile bado ina dawa ndani yake. Mtu akija kusukuma antibiotiki au kusafisha kwa mililita 10 za maji ya chumvi, mililita moja iliyosalia ni mikrogramu 80 zinazoingia kwa sekunde mbili. Vuta kwanza kwa sirinji tupu mpaka uone damu, tupa ulichovuta, ndipo usafishe.